Sindano, kijiti au koili? Mimi na mama watoto hatujaelewana

BabaBinti_Umoja
Habari zenu. Binti yetu ana miezi 10. Mimi nasema miaka 2 inatosha kabla ya mwingine, mama yake anasema 3. Anataka sindano ya miezi mitatu, mimi nasikia hata akiiacha inachelewesha mimba. Juzi tulianza kuzungumza akisonga ugali, akazima moto akaenda kulala bila neno. Mwili ni wake, sitaki kumlazimisha. Nilinganishieni.

MamaWawili
Msitegemee kunyonyesha. Wangu alipoanza uji akiwa na miezi 6 nilijiona salama kwa vile sikuwa nimeona hedhi. Wa pili aliingia hivyo hivyo.

Kijana_Kayole
Koili ni ya waliomaliza kuzaa, inaharibu kizazi. Sindano nayo inachelewesha kweli, dada yangu alingoja karibu mwaka.

NesiMstaafu
Kijana, la sindano ni kweli, la koili si kweli. Koili ikitolewa, mimba inaweza kushika mwezi huo huo. Ubaya wa ile ya shaba ni hedhi nzito na maumivu, hasa miezi ya kwanza. Kijiti cha mkononi nacho kikitolewa uzazi hurudi upesi, ila damu huvurugika: matone leo, kesho hakuna. Sindano ndiyo inayokawia. Wengi hushika mimba kama miezi 10 baada ya dozi ya mwisho, wengine zaidi.

Baba Binti, kabla ya njia, ulizaneni mnahesabu nini. Miaka 2 mpaka mimba, au mpaka mtoto wa pili azaliwe? Shirika la Afya Duniani hushauri angalau miezi 24 tangu kujifungua hadi mimba nyingine.

MamaWawili
Na usimuulize akiwa jikoni, ndugu yangu. Mtoto akishalala, mkae.

BabaBinti_Umoja
Tumekaa jana usiku. Kumbe mimi nilihesabu mpaka mimba, yeye mpaka kuzaliwa! Yangu ni miezi 24 na 9 ya mimba, jumla 33. Yake ni 36. Tumegombana wiki mbili kwa miezi 3, nami nimemwachia hiyo 3. Ila kijiti hakitaki kwa sababu ya hayo matone, na koili anaiogopa.

NesiMstaafu
Basi sindano si mbaya, mkiipangia. Achomwe sasa, tena binti akiwa na miezi 13, ya mwisho 16. Hiyo inamfikisha 19. Kutoka hapo tumieni kondomu, maana wengine uzazi huwarudia mapema.

Kijana_Kayole
Kondomu ndani ya ndoa?

BabaBinti_Umoja
Yeye anameza, anachomwa, anabeba. Hiyo miezi kadhaa ni zamu yangu. Jumatatu twende kliniki pamoja. Bado anataka kumuuliza nesi kama sindano nayo haitavuruga hedhi.

NesiMstaafu
Inaweza, na wengi hedhi hukatika kabisa. Mwambie leo, asije akashtukia huko.