Naomba ushauri: imeili kwa mkubwa wa serikali ambaye ni mzee, naanzaje na namalizaje?

mtoto_wa_wete
Assalamu alaikum wakubwa kwa wadogo. Mimi katibu wa umoja wa wanafunzi wa zamani wa skuli yetu huku Pemba, nimepewa kazi ya kumwandikia mkubwa mmoja mzee wa makamo yake, hatujawahi kuonana hata siku moja, tunataka awe mgeni rasmi kwenye mahafali. Barua ya ndani sina shida nayo, shida ni mwanzo na mwisho. Nimekaa na simu tangu magharibi nafuta naandika. Nisaidieni haraka mwenyekiti anataka kuiona kesho.

KombeLaMgando
Andika "Ama baada ya salamu, mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu". Atakuja na keki 😂

bimkubwa_darajani
Vijana wa siku hizi hata salamu zinawashinda. Mtu mzima anasalimiwa "shikamoo" basi, mdomoni au kwenye karatasi. Adabu haina mtandao.

Masijala Mstaafu
Kijana, nimekaa masijala miaka mingi, barua zimepita mikononi mwangu za kila aina. Mkubwa gani huyo? Ana cheo gani? Waziri, mwakilishi, mkuu wa wilaya na jaji wote ni "Mheshimiwa". Katibu mkuu na mkurugenzi kwenye karatasi huandikiwa "Ndugu Katibu Mkuu", "Ndugu Mkurugenzi", ingawa siku hizi kila mtu anapachika Mheshimiwa, hata mhasibu. Bila ya cheo siwezi kukuambia neno.

mtoto_wa_wete
Ni mwenyekiti wa bodi ya taasisi moja ya serikali. Sitaki kutaja. Nilishaanza "Shikamoo Mzee wetu" nikaona kama nipo barazani nacheza bao.

fundi_wa_Konde
Mimi niliandika barua kuulizia kiwanja changu nikaweka "A.A." kufupisha salamu, nikapeleka kwa mkono. Bwana yule akaisoma mbele yangu akaniuliza hii A.A. ndo jina lako? Kiwanja mpaka leo sijapata, na jirani kashajenga mpaka linta, na mimi nadaiwa matofali, yakhe hebu nyamazeni tu.

Masijala Mstaafu
Fundi hilo ni kweli, salamu ukiikata kata ni heri usiiandike.
Kijana, bado hujasema. Kabla ya huko kwenye bodi alikuwa nani?

mtoto_wa_wete
Alikuwa balozi nchi za nje, amestaafu. Na si bwana, ni mama. Sikuona kama inabadilisha kitu.

KombeLaMgando
Watu kumi tunamwita mzee, kumbe bibi mkubwa mzima 😂😂

mkaazi_wa_Jang'ombe
Balozi wa nyumba kumi? Huyo mwandikie tu kwa wasapu, wa kwetu hata imeili hana.

Masijala Mstaafu
Sasa tumefika. Ubalozi hauishi na mkataba, mtu huondoka nao mpaka kaburini. Balozi Seif Ali Iddi alikuwa Makamu wa Pili wa Rais kuanzia 2010 mpaka 2020 na bado watu wote wakimwita Balozi Seif. Kwa hiyo huyo mama ni "Mheshimiwa Balozi". Cheo chake cha bodi kiende kwenye anuani ya juu: jina lake, chini yake Mwenyekiti wa Bodi, chini yake taasisi na S.L.P. Salamu ndo ibebe heshima yake mwenyewe. Uzuri wake hulazimiki kujua kaolewa na nani wala kumwita mama wa nani.

Lakini angalia na kinyume chake. Maalim Seif Sharif Hamad kila mtu alimwita Maalim, ila barua ya kiofisi ilikwenda kwa Mheshimiwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Jina la heshima la watu si lazima liwe la karatasi. Balozi bahati nzuri ni la pote pawili.

bimkubwa_darajani
Na shikamoo?

Masijala Mstaafu
Bi mkubwa, imeili ile haisomi yeye kwanza. Inafunguliwa na katibu muhtasi wake, inachapwa, inapigwa muhuri wa kupokelewa, inawekwa kwenye faili na watu watatu wanaipitia kabla haijamfikia. Shikamoo inataka mtu wa kuijibu marahaba palepale. Ndani ya faili nani aijibu?

bimkubwa_darajani
Anaijibu moyoni. Mie sijakubali.

mtoto_wa_wete
Mzee nakushukuru ila mie nilitaka niache shikamoo na nimalize "Mjukuu wako mtiifu". Mwenyekiti wetu kashasema nzuri, inalainisha.

Masijala Mstaafu
Mjukuu kwa damu ipi? Mbona unaing'ang'ania hiyo?

mtoto_wa_wete
...Bibi yangu mzaa mama alikaa naye dawati moja skulini. Anamkumbuka vizuri. Sikutaka kusema hapa watu waone natafuta upendeleo.

ng'onda_wa_Mkoani
Ngojeni kwanza. Mahafali, bibi, balozi, dawati moja... hii ni homuweki ya barua rasmi ya kidato cha nne jamani. Kesho mwalimu anasahihisha. Mnamfanyia mtoto wa watu mtihani.

KombeLaMgando
Maksi zigawanywe sawa.

fundi_wa_Konde
Kama homuweki basi aandike na ya kiwanja changu.

mtoto_wa_wete
Ng'onda nenda kalale. Homuweki ina nakala kwa afisa elimu wilaya? Hii hapa nilivyokuwa nayo:

*Shikamoo Bibi, natumai barua pepe hii inakukuta ukiwa na afya njema. Mimi ni mjukuu wa rafiki yako wa skuli...*

ng'onda_wa_Mkoani
Hiyo "inakukuta" imetafsiriwa. Nimekuamini, mwanafunzi angeandika vizuri zaidi.

Masijala Mstaafu
Basi fanya hivi. Barua yenyewe iwe na kumbukumbu namba ya umoja wenu, isainiwe na mwenyekiti, iskaniwe na kuambatishwa. Imeili iwe fupi ya kuisindikiza tu:

*YAH: MWALIKO WA KUWA MGENI RASMI KATIKA MAHAFALI*

*Mheshimiwa Balozi,*
*Assalamu alaikum.*
*Kwa heshima, umoja wetu unakuomba uwe mgeni rasmi katika mahafali ya skuli yetu. Barua rasmi yenye tarehe na ratiba imeambatishwa. Bibi yangu, uliyesoma naye skulini, anakusalimu sana.*
*Ahsante.*
*(jina lako kamili, Katibu wa Umoja, namba ya simu)*

Bibi yako umemtaja mara moja, mahala pake, na katibu muhtasi hawezi kucheka. Ukitaka awe na nguvu zaidi ampigie mwenyewe simu, hilo si la kwenye faili. Kumalizia "Wako mtiifu" bado kunafundishwa skuli na hakuna atakayekukataza, ila unawasilisha ombi la watu wengi, utiifu wako peke yako wa nini? "Wako katika ujenzi wa taifa" ni ya zama za Mwalimu, ukiiweka leo utaonekana umeitoa kabatini.

bimkubwa_darajani
Ukianza na salamu ya dini umalize na "Wabillahi tawfiq". Huwezi kufungua mlango huu ukatokea ule.

Masijala Mstaafu
Taasisi za dini ndo hufanya hivyo. Serikalini nimeona zote mbili, siwezi kusema wamekosea.

mtoto_wa_wete
Na "natanguliza shukrani"?

Masijala Mstaafu
Mimi siipendi, inamshukuru mtu kabla hajakubali. Wenzangu wengi waliitumia mpaka wakastaafu.

mtoto_wa_wete
Shikamoo nimeitoa, mjukuu nimemtoa. Nimeweka Wabillahi tawfiq halafu Ahsante chini yake, mwenyekiti kasema tusimkasirishe mtu. Natuma Jumatatu asubuhi.

fundi_wa_Konde
Huyo katibu muhtasi wa bodi hana mtu anayemjua idara ya ardhi?