Stoo ya duka la dawa: kolamu moja, jedwali la bechi, au daftari la mienendo?

Kijana_Kabwe
Wakuu habari za jioni. Kuna mama ana duka la dawa hapa Mwanjelwa, kaniomba nimtengenezee mfumo wa mauzo na keshokutwa naanza kuandika. Nimekwama kwenye stoo. Naona njia tatu. Ya kwanza, kolamu ya kiasi kwenye jedwali la dawa pamoja na tarehe ya kuisha iliyo karibu, basi. Ya pili, jedwali la bechi, kila bechi ina kilichobaki chake na mauzo yanapunguza bechi ya zamani kwanza. Ya tatu, kilichobaki hakiandikwi popote, kila kuingia na kutoka ni mstari wake na hesabu inajumlishwa. Nimeegemea ya pili. Mnasemaje?

MzeeWaUyole
Bado hujasema kitu. Database gani? Kompyuta ngapi zinauza kwa pamoja? Anauza maboksi au hadi kidonge kimoja? Na "bechi ya zamani" kwako ni ipi, iliyoingia kwanza au inayokufa kwanza?

Kijana_Kabwe
Samahani mkuu. MySQL, kompyuta mbili za kaunta, anauza hadi kidonge kimoja. Ya zamani ni iliyoingia kwanza, si ndiyo kawaida?

ChaiYaTukuyu
Dogo usijitese, njia ya kwanza inatosha. Duka dogo dawa zinatoka haraka. Halafu mzigo mpya siku zote una tarehe ya mbele kuliko wa zamani, kwa hiyo iliyoingia kwanza ndiyo inayoisha kwanza. Mnabishania kitu kimoja.

DadaWaKaunta
Chai, hapo kwenye "siku zote" ndipo maduka yanapopata hasara. Mara nyingi inakuwa hivyo, nakubali. Lakini msambazaji akikupunguzia bei, geuza boksi usome nyuma. Chukua kapsuli za amoksilini: mzigo wa Januari unaisha 08/2027. Machi umepata ofa, mzigo unaisha 11/2026. Mfumo unaofuata tarehe ya kuingia utamaliza kwanza wa Januari, na ule wa ofa utafia kwenye shelfu huku ripoti ikisema mambo shwari. Panga kwa tarehe ya kuisha. Tarehe ya kuingia itumike pale tu mbili zinapolingana.

Na boksi likisema 11/2026 bila siku, sisi tunahesabu hadi mwisho wa mwezi. Weka 2026-11-30. Ukiweka tarehe 1, mfumo utakuzuia kuuza dawa nzima kwa mwezi mzima.

MzeeWaUyole
Dada kamaliza nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kwamba uuzaji mmoja unaweza kugusa bechi mbili. Mteja anataka kapsuli 21, bechi ya Novemba imebakiwa na 12. Unatoa 12 hapo na 9 kwenye bechi ya Agosti. Kwa hiyo mstari wa risiti ni mmoja, lakini chini yake kuna jedwali `mauzo_bechi` lenye mistari miwili, kila mmoja na bei yake ya kununulia. Bila hilo, muuzaji akikosea na risiti ikafutwa, hujui 21 zirudi wapi, na faida yako ni ya kubahatisha.

Kiasi chote kitunzwe kwa vidonge. Boksi ni hesabu ya wakati wa kupokea mzigo tu.

Kwa kompyuta mbili, soma hivi ndani ya muamala mmoja:

```sql
START TRANSACTION;
SELECT id, kilichobaki FROM bechi
WHERE dawa_id = 17 AND kilichobaki > 0
  AND mwisho >= CURRENT_DATE
ORDER BY mwisho, id
FOR UPDATE;
```

Halafu punguza, andika `mauzo_bechi`, ndipo `COMMIT`. Ukisahau `START TRANSACTION`, kufuli la `FOR UPDATE` linaachiwa hapo hapo: kaunta zote mbili zinasoma 12, zote zinatoa zile zile 12, na jioni unamshuku binti wa watu kaiba.

Pembejeo_Mbozi
Mimi nauza mbegu na viuatilifu Vwawa, nazo zina tarehe. Huo mfumo unauzwa bei gani? Unatoa na risiti ya EFD?

Kijana_Kabwe
Mkuu hata sijaanza kuuandika 😅

MnyaluMafinga
Ngoja niwaharibie raha. Mimi nilikuwa na mfumo kama wa Mzee, bechi, kufuli, kila kitu. Ulifanya kazi vizuri kwa miezi saba. Siku moja tunahesabu shelfu, nyuma ya dawa ya maji ya kikohozi nakuta chupa 14 zilizoisha muda wiki tatu nyuma. Nafungua mfumo, unasema bechi hiyo ilishauzwa yote. Nikadhani ni kosa la programu, nikakesha siku mbili nalitafuta. Programu ilikuwa safi. Mfumo ulipunguza bechi ya zamani kwenye kompyuta, lakini mkono wa muuzaji ulichukua chupa ya mbele, na mbele palikuwa pamepangwa mzigo mpya. Jumla ya chupa ilikuwa sahihi kabisa, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Na tahadhari ya kuisha muda haikulia, maana kwa mfumo bechi ile ilikuwa sifuri.

Sasa hivi skrini inaandika kwa herufi kubwa bechi ya kuchukua na tarehe yake. Kama mkononi ana nyingine, anaibadilisha kabla ya kuuza, na mfumo unaandika aliyebadilisha ni nani. Mwanzoni walininunia.

ChaiYaTukuyu
Si ndiyo nilisema! Bechi zote hizo na bado zimekuozea. Excel na macho.

DadaWaKaunta
Macho hayaoni nyuma ya shelfu, kaka.

Kubadilisha bechi kunahitajika hata bila kosa. Mgonjwa wa presha ananunua dawa ya siku 90, bechi ya kwanza imebakiza siku 40. Sheria ya kutanguliza inayoisha ingempa dawa itakayokufa katikati ya dozi. Hapo nalinganisha tarehe ya kuisha na siku ya mwisho ya kumeza, si na leo.

MzeeWaUyole
Hilo sikuwa nalo kwenye mfumo wangu. Nitaongeza uga wa siku za dozi.

Kijana_Kabwe
Na njia ya tatu je? Kisa cha Mnyalu kama kinaniambia nahitaji historia.

MnyaluMafinga
Mimi nimehamia huko. Kila mwendo ni mstari: kupokea, kuuza, kuhesabu upya, kutenga iliyoisha muda. Sifuti kitu.

MzeeWaUyole
Na ukijumlisha mistari yote hiyo, unafunga mstari gani ili kaunta mbili zisigongane? Weka vyote viwili, mienendo na `kilichobaki`, viandikwe ndani ya muamala mmoja.

MnyaluMafinga
Vikipishana unaamini kipi?

MzeeWaUyole
Shelfu.

DadaWaKaunta
Iliyoisha muda nayo isipunguzwe kimyakimya. Iwe na hali yake, "imetengwa", na orodha inayochapika. Haitupwi jalalani, inateketezwa kwa utaratibu wa TMDA, na mkaguzi atataka kuona kiasi na namba ya bechi.

ChaiYaTukuyu
Hiyo namba ya bechi nani ataichapa kila mzigo ukiingia? Herufi zenyewe ndogo kama chawa.

MnyaluMafinga
Maboksi mengine yana kile kimraba cha nukta nukta, skana ya 2D inasoma bechi na tarehe humo humo. Tafuta (17) ni tarehe, (10) ni bechi. Lakini si yote, na skana ya mistari ya kawaida haikisomi.

Pembejeo_Mbozi
Skana hizo Mbeya mjini zinapatikana duka gani?

Kijana_Kabwe
Mama kanipigia sasa hivi, anasema umeme umekatika na anauliza kama mfumo utafanya kazi kwenye simu. Narudi kesho.