Betri ya dola 130 imetoka kwa dola 13 na pandas haikuona kitu, munisaidie

binti_birere (Goma): Jamani habari zenu. Niko natunza katalogi ya duka la vifaa vya sola hapa Goma, vitu kama 1,400 hivi, wenzangu wawili wanaandika bei kwenye Excel, mimi kila usiku napitisha faili kwenye pandas halafu naituma kwenye ukurasa wa kuuzia. Wiki jana betri ya dola 130 iliandikwa 13 na watu watatu wakaagiza mbele ya saa mbili asubuhi, patron akawarudishia pesa na aksanti ikawa matusi. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa na kontrole! Kwa kila aina natafuta wastani na std, bei ikiwa mbali kuliko std 3 naitoa. Bei za ile aina ziko 8 tu: 13, 95, 110, 120, 125, 130, 140, 150. Kwa nini 13 ilipita?

papa_kadutu (Bukavu): Dada, shida ni koma. Excel yetu ni ya kifaransa, inaandika 12,5. Weka `thousands=","` kwenye read_csv utapona.

mwana_lushi: Papa, hapana, hiyo itamuumiza zaidi. Ukiweka vile pandas inaona koma ni ya maelfu inaiondoa, 12,5 inageuka 125 na hakuna makosa yanayoonyeshwa. Faili ya Excel ya kifaransa inasomwa na `sep=";", decimal=","`. Ila umesema kweli kwamba koma inaleta balaa, tu siyo iliyoleta hii 13.

Sasa dada, piga hesabu na mimi. Wastani wa bei zako 8 ni 110.4, std inatoka karibu 42.9. Kutoka 110.4 mpaka 13 ni std 2.27, haifiki 3, basi inapita. Ile 13 yenyewe ndiyo ilivuta wastani chini na ikapanua std, mwizi amejifichia ndani ya kipimo. Na kibaya zaidi, kwenye kundi la vitu n hakuna bei inayoweza kuwa mbali na wastani kupita std (n-1)/√n, kwa vitu 8 ni std 2.47. Hata wangeandika senti moja kontrole yako ingenyamaza. Mpaka vitu 10 hiyo 3 haifikiwi kabisa.

Tumia bei ya katikati, yenyewe haivutwi na mtu mmoja. Kwako ni 122.5. Halafu gawanya na uchukue log10:

```python
df["bei"] = pd.to_numeric(df["bei"].astype(str).str.replace(",", "."), errors="coerce")
med = df.groupby("aina")["bei"].transform("median")
df["t"] = np.log10(df["bei"] / med)
sawa = df["t"].abs() < 0.5
df[~sawa].to_csv("shaka.csv")
df[sawa].to_csv("tayari.csv")
```

13 inakupa -0.97. Ukiona karibu -1 au 1 ujue sifuri imepotea au imezidi, ukiona zaidi ya 3 mtu ameandika franka kwenye kolamu ya dola. Na angalia nimeandika sharti la bei nzuri, siyo la mbaya: "13O" yenye herufi O inageuka NaN, na NaN ikiulizwa kama ni kubwa kuliko 0.5 inajibu hapana, ingepita kimya. Hapa inaanguka kwenye shaka.

duka_la_simu: Mimi wateja wangu wanakataa bei juu taux inabadilika kila siku, mnapandisha saa ngapi?

binti_birere: Kaka hiyo ni uzi mwingine 🙏 Yaya mwana_lushi nimejaribu sasa hivi, imetoa 31! Mbili ni sifuri kweli, moja franka. Lakini 19 ni betri ndogo za 7Ah ziko kundi moja na za 200Ah, bei yao ni ya kweli.

mwana_lushi: Kundi lako ni pana, pasua kwa Ah. Usipanue 0.5 ili orodha ipungue, hapo unafungulia 13 mlango. Na isirekebishe yenyewe, mtu aangalie.

mhasibu_ibanda (Bukavu): Mimi nasikitikia makosa madogo. 120 ikiandikwa 210, log ni 0.23, inapita. Linganisha na faili ya jana kwa code ya kitu, tofauti ikigawanyika kwa 9 kuna uwezekano tarakimu zimepinduliwa: 210 toa 120 ni 90. Ndivyo tunavyotafuta kwenye vitabu vya hesabu.

mwana_lushi: Nzuri, ila patron akipandisha 120 kuwa 129 nayo ni 9, utaita wangapi?

mhasibu_ibanda: Nazichuja zaidi, nachukua tu zenye tarakimu zilezile zimebadilishana nafasi.

binti_birere: Na vitu vipya ambavyo havina bei ya jana, tena viko viwili tu kwenye aina yao? Katikati ya 13 na 130 ni 71.5, hapo 130 inatoka salama na 13 inashikwa, lakini ikiwa ni 1300 na 130, ile ya kweli ndiyo inaitwa mbaya na ya uongo inapita. Nafanya je?

mwana_lushi: Ya wawili mimi naisoma kwa macho. Sijapata njia nyingine.