Tamsulosini au finasteridi kwa tezi dume: ipi haiharibu mambo ya chumbani?

Baba_Njoro: Wakuu, daktari hapa Nakuru amesema tezi dume yangu imekua. Amenitajia tamsulosini na finasteridi, nifikirie nianze na ipi. Bado sijanunua. Ipi haitaharibu mambo ya ndoa?

Nyalenda: Una miaka mingapi? Usiku unaamka mara ngapi? Ultrasaundi ilisema tezi ina ukubwa gani? Bila hayo tutabahatisha tu.

Mzee_Kakamega: Usiguse tamsulosini, inaua nguvu za kiume. Mimi wiki ya kwanza tu, nikifika kileleni hakitoki kitu. Nikajua nimekwisha. Sikumwambia daktari wala mama watoto, nikaacha kumeza. Miezi miwili baadaye, nimetoka matangani, mkojo ukakataa kabisa. Kuanzia saa mbili usiku hadi alfajiri tumbo la chini limekaza kama ngoma, nalia kama mtoto. Wakanitia mpira. Nikakaa nao siku tisa, mfuko nimeuficha ndani ya suruali, kanisani siendi.

Nesi_Mstaafu: Pole sana, mzee wangu. Lakini wakati huo ulikuwa unasimama? Raha ulikuwa unaisikia?

Mzee_Kakamega: Vyote vilikuwepo.

Nesi_Mstaafu: Basi nguvu hazikwenda popote. Dawa hiyo hulegeza misuli ya tezi na ya shingo ya kibofu ili mkojo upite. Misuli hiyohiyo ndiyo husukuma shahawa, kwa hiyo ikilegea zinatoka kidogo au hazitoki. Haidhuru mwili, na ukiacha dawa hurudi. Alfuzosini hufanya kazi ileile, lakini ukavu huo hutokea mara chache zaidi. Finasteridi ni tofauti: hupunguza homoni inayokuza tezi, na kwa wanaume wengine hamu hushuka au kusimama kunakuwa kwa shida. Tena inahitaji kama miezi sita, na humfaa mwenye tezi kubwa.

Fundi_Kisumu: Mbona hamtaji tadalafili? Mimi nameza miligramu 5 kila siku. Mkojo unapita vizuri na chumbani niko sawa.

Nesi_Mstaafu: Ni kweli inasaidia kote kuwili. Ila anayetumia dawa za naitreti za maumivu ya moyo asiiguse, presha itaanguka vibaya.

Nyalenda: Na chai ya usiku muache. Mimi nilipoacha vikombe viwili vya saa tatu, kuamka kulipungua.

Baba_Njoro: Nina 54. Ultrasaundi ilisema mililita 32. Naamka mara nne. Nilisahau kusema, nimeoa tena mwaka jana na tunatafuta mtoto.

Nesi_Mstaafu: Ndugu yangu, hilo ndilo ungelianza nalo! Shahawa zisipotoka, mimba itatoka wapi? Na finasteridi nayo inaweza kupunguza shahawa. Rudi umwambie daktari, na uulize kuhusu alfuzosini. Kuna dawa nyingine unameza?

Baba_Njoro: Ya presha. Jina nitaangalia nikifika nyumbani.

Mzee_Kakamega: Nesi, na mimi nikirudia dawa, mama watoto nimwelezeje? Tangu wakati ule anadhani nina mwanamke nje.