Oregairu msimu wa pili: wamemfungia Hachiman mdomo wa ndani, halafu tunaambiwa tumemwelewa

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Naanika kila kitu cha safari ya Kyoto, ambaye hajaangalia apite.

Kila mjadala wa Hachiman, mhusika mkuu wa anime hii ya Oregairu, ni uleule. Huyu anamwita shujaa anayejitoa mhanga, yule anamwita mjinga aliyejiharibia. Watazamaji siwalaumu. Nawalaumu studio ya Feel, waliopokea kazi kutoka Brain's Base na mwaka 2015 wakaibana juzuu yote ya 7 ya riwaya ya Wataru Watari ndani ya vipindi viwili.

Tazameni tukio lenyewe. Tobe anampenda Ebina, mwanafunzi mwenzake wa kundi moja, na anaomba klabu ya kusaidia wanafunzi, ya Hachiman, Yukino na Yui, imsaidie amwambie. Ebina naye anakuja klabuni na maneno ya kuzunguka kuhusu wavulana wa kundi lao kuendelea kupatana, na kila mtu anadhani ni masihara yake ya siku zote. Hayama, nguzo ya kundi hilo, yumo, ila kwa shingo upande. Usiku, kwenye mianzi ya Arashiyama, Tobe anataka kufungua mdomo na Hachiman anamtangulia, anamtamkia Ebina mapenzi ya uongo. Ebina anamkataa na kusema kwa sasa hataki kuwa na mtu yeyote. Tobe amepata jibu bila kuuliza, kundi limepona. Yukino anamwambia anachukia njia yake hiyo. Yui anaumia waziwazi.

Kwenye anime hayo yanapita haraka mno. Unaona kitendo, unakisia sababu.

Kwenye riwaya tumo kichwani mwake safari nzima. Tunamwona akiunganisha maombi mpaka anagundua kwamba Tobe, Ebina na Hayama wanaogopa kitu kimoja: kundi kuvunjika. Hiyo sehemu mtazamaji makini anaweza kuipata mwenyewe. Isiyopatikana ni ile ya pili. Huyu ni mtu ambaye tangu juzuu ya kwanza anadharau urafiki wa kujifanya, na sasa analinda urafiki wa namna hiyohiyo kwa uongo. Anajua, na inamkera. Kwa hiyo anajipigia hesabu kwamba njia yake ndiyo ya mkato, kwamba yeye hana cha kupoteza. Anajitetea mbele ya mashtaka ambayo hakuna aliyeyafungua! Msomaji anaanza kumtilia shaka hapo, kabla Yukino hajasema neno. Yukino anaposema, inabomoka hoja ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumeanza kuikubali. Ukiondoa hoja, wasichana wawili wanaonekana wamekasirika ghafla tu.

Mtoto_wa_Kurasini: Mkuu, anime si kitabu. Uso wa Yukino pale unasema yote. Ukijaza maneno unaua picha.

Bi Mdogo: Ndiyo maana msimu wa kwanza ulikuwa bora, Brain's Base walibakiza mawazo yake yote.

Mleta uzi: Yote hapana, Bi Mdogo. Mwaka 2013 walipitisha juzuu sita ndani ya msimu mmoja, walikata sana. Ila walichobakiza kilikuwa na ile sauti ya kujihami, ukajua huyu mtu anaongea na nafsi yake ili asisikie kitu kingine. Na wewe wa Kurasini, uso wa Yukino unanionyesha Yukino. Uongo anaojiambia Hachiman nitausoma kwenye uso wa nani? Macho yake yamechorwa ya kuchoka tangu kipindi cha kwanza.

Shabiki_Sugu: Mimi yalinikuta kwa Ayanokouji wa Classroom of the Elite. Msimu wa kwanza nilimwona bubu tu, mpaka mwisho anasema watu wote kwake ni vifaa. Nikashtuka. Rafiki yangu aliyesoma riwaya hakushtuka kabisa.

Mwana_Tanga: Naombeni kujua ipo iliyotiwa sauti ya Kiswahili?

Mleta uzi: Mwana Tanga, sizungumzii kutia sauti. Shabiki Sugu, kwa Ayanokouji kuficha kunaweza kutetewa, kwa sababu mshtuko wenyewe umejengwa juu ya kuficha. Hachiman hafichi. Anaongea mfululizo, na kosa lake limo ndani ya maneno hayohayo. Ukiyakata umekata kosa, na umebaki na mtu mwema asiyeeleweka.

Mtoto_wa_Kurasini: Sawa, lakini kipindi cha 8, anapowaambia anataka kitu cha kweli, mawazo yake wameyabakiza. Na nililia.

Mleta uzi: Wamebakiza kipande, na kimefanya kazi, nakubali. Lakini kile kilio ni cha mtu anayekana hesabu aliyoipiga Kyoto. Wewe hesabu yenyewe uliisikia wapi?

Mtoto_wa_Kurasini: Sikuisikia. Ila bado nililia, mkuu.