Kurejesha hati za mfanyakazi aliyeondoka: akaunti, data au Vault?

Msimamizi_Kaimu: Tunatumia Google Workspace. Mfanyakazi mmoja alifuta hati zake na kumwaga tupio tarehe 3 Machi, kisha akaunti yake ikafutwa tarehe 14. Leo ni tarehe 24. Je, nirejeshe akaunti, nirejeshe data, au nizitafute hati kwenye Vault?

Mlinzi_wa_Faili: Rejesha akaunti. Akaunti iliyofutwa hurejesheka ndani ya siku 20, kwa hiyo una nafasi hadi tarehe 3 Aprili. Usiwe na haraka.

Fundi_Mkongwe: Hesabu ya akaunti ni sahihi, lakini haraka ipo. Hati zilizotoka kwenye tupio zina hesabu yake nyingine ya siku: msimamizi anaweza kuzirejesha kwa siku 25 tu tangu zilipotoka humo, na siku hizo zilianza tarehe 3, kabla akaunti haijafutwa. Mwisho wako ni tarehe 28 Machi, yaani siku nne. Ukingoja hadi Aprili utapata akaunti isiyo na hati unazozitafuta.

Kwa hiyo kurejesha akaunti na kurejesha data si njia mbili za kuchagua, bali ni hatua zinazofuatana. Hakikisha kwanza mna leseni iliyo wazi. Katika dashibodi ya msimamizi fungua `Directory > Users`, chuja kwa `Recently deleted`, umrejeshe mtumiaji. Akaunti ikishakuwa hai, ifungue, chagua `Restore data`, weka kipindi kinachoigusa tarehe 3, kisha chagua `Drive`. Huwezi kuchagua faili moja moja. Kila kilichofutwa katika kipindi hicho kitarudi, kwa hiyo mimi hupendelea kipindi kifupi.

Neema_TEHAMA: Kwangu mtumiaji hakuhitajika kabisa. Nilifungua orodha ya hifadhi za pamoja na kurejesha kutoka huko.

Fundi_Mkongwe: Hiyo ni kwa sababu hati zako zilikuwa mali ya hifadhi ya pamoja. Hizi zilikuwa zake binafsi.

Msimamizi_Kaimu: Nitajuaje kwamba kweli zilitoka kwenye tupio siku ile? Nimeambiwa tu na wenzake.

Fundi_Mkongwe: Usitegemee kumbukumbu za watu. Soma `Drive log events` na utenganishe tukio la kupeleka faili kwenye tupio na lile la kuifuta kabisa. Zikiwa bado zimo kwenye tupio, `Restore data` haitazigusa, na itabidi zitolewe humo kwa kuingia katika akaunti yenyewe.

Mlinzi_wa_Faili: Nakubali, nilizichanganya hizo hesabu mbili za siku. Hata hivyo ningeangalia Vault pia.

Fundi_Mkongwe: Iangalie, ila Vault hukupa nakala ya kupakua, hairudishi hati mahali pake, na inafaa tu ikiwa kanuni ya kuhifadhi ilikuwapo kabla ya kufutwa.

Msimamizi_Kaimu: Akaunti imerudi, na nimeweka kipindi cha tarehe 2 hadi 4. Folda moja imeshaonekana, nyingine bado. Zikikamilika nitahamisha umiliki kwa mkuu wa kitengo kabla ya kuigusa akaunti tena.