Mrejesho: bayo yangu ya filamu

Niliuliza: "Filamu tulitengeneza watu sita, nikiandika 'nimetengeneza' nawaibia, nikiandika 'tulitengeneza' kazi yangu haionekani, nifanyeje?"

Wakuu nimerudi. Neno 'kutengeneza' nimelifuta kabisa maana linameza kila mtu, nikaweka kitenzi cha kazi niliyoshika mwenyewe: "Nilihariri filamu fupi ya dakika 12", halafu hapohapo jina la dairekta na la mtu wa sauti. Yaani 'tuli' ni ya filamu nzima, 'nili' ni ya meza ya kuhariri tu.

Kabla sijaituma nikawarushia wenzangu kwenye grupu, mtu wa sauti akanikumbusha ile sini ya mvua tulikata wote usiku kucha akinipangia mlio wa bati, kweli kabisa, nikaongeza "sini ya mvua tulihariri pamoja". Dairekta akasema hii sasa tuma.